Sidii ya Kufukuzia Ndege

Shemeji yangu aliniomba nimwambie mdogo wangu kwamba mapafu yake ni safi, nami nikakubali. Hakunilazimisha. Tulikuwa tumeketi ukumbini kwangu, Tabora mjini, chai imepoa, na bahasha mbili za hospitali zimelala mezani, yangu na ya mdogo wangu. Ningeweza kusema hapana. Yeye angelia kidogo, angeninunia siku mbili tatu, na mambo yangeishia hapo. Badala yake niliitazama bahasha ya mdogo wangu, nikamtazama mkewe, nikasema, "Basi, shemeji, tufanye hivyo."

Ili mtu aelewe nilikubali nini, inanibidi nirudi nyuma kidogo.

Mimi na mdogo wangu tumevuta tangu ujana. Mimi nilikuwa karani mjini, nikivuta sigara za pakiti. Yeye alibaki Usinge kwenye shamba la baba, akalima tumbaku, na aliivuta ile ile aliyoilima, amesokota kwenye karatasi. Hakuna aliyekuwa akikohoa. Hakuna aliyekonda. Kwa hiyo kambi ya madaktari bingwa ilipokuja Tabora na gari kubwa lenye mashine ya CT ndani yake, wakatangaza kwamba wanawatafuta wavutaji wa muda mrefu ambao hawajisikii kuumwa, tulidhani ni mzaha. Mtu asiyeumwa anapimwa nini?

Tulienda kwa sababu mdogo wangu alikuwa mjini kumfuata mkewe, aliyekuja kumhudumia binti yao aliyejifungua, na hatukuwa na kazi asubuhi ile. Muuguzi aliyetupokea alikuwa Mzaramo, na alipojua sisi ni Wanyamwezi hakuchelewa kuanza utani.

"Shikamooni, watani zangu. Mnavuta pakiti ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Mimi moja," nilisema. "Zamani moja na nusu."

"Mimi sinunui pakiti, dada," alisema mdogo wangu. "Nasokota."

"Misokoto mingapi?"

"Nani anahesabu? Nikimaliza mmoja nasokota mwingine."

Muuguzi alicheka mpaka akaweka kalamu chini. "Babu zenu walipita kwetu wamebeba pembe za ndovu vichwani mpaka pwani na kurudi, kifua kizima. Ninyi mnakwenda kuuawa na karatasi!"

"Na ninyi mliwauzia maji ya kunywa njiani," mdogo wangu alimjibu. "Deni hilo hatujasahau."

Pamoja na utani alifanya hesabu yake. Alitueleza kwamba kipimo hiki hakimfai kila mtu, kwa sababu kina mionzi, ingawa ni kidogo kuliko ya CT ya kawaida, na kwa sababu huonyesha vitu vingi visivyo na maana ambavyo humtia mtu hofu bure. Ni kwa mtu wa makamo au mzee, aliyevuta kiasi cha pakiti moja kila siku kwa miaka ishirini au zaidi, ambaye bado anavuta au hajaacha siku nyingi. Wengine huwapa ushauri na kuwarudisha nyumbani. "Ninyi," alisema, "mlango huo mliupita zamani."

Hapakuwa na sindano wala dawa ya kunywa. Ulilala chali, mikono juu ya kichwa, sauti ikakuambia vuta pumzi, shikilia, na kabla pumzi haijakuelemea kitanda kilikuwa kimeshatoka. Mdogo wangu alishuka akiwa na furaha ya mtu aliyepanda ndege. Jioni hiyo hiyo alipanda treni kurudi Usinge, mkewe akabaki kwa binti yao. Ulikuwa msimu wa kukausha tumbaku, na moto wa kwenye bani, banda la kukaushia, hauachwi kwa mtu mwingine. Aliwaambia wale wa kambi kwamba mimi ndiye nitakayemchukulia majibu, akaweka sahihi.

Daktari aliyenipa majibu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyekimbiza maneno. Aliniamkia, akaanza na yangu. Hakuona kitu, na akataka nirudi kila mwaka. "Na sigara uache, mzee. Kipimo hiki hakimlindi mtu anayeendelea kuvuta. Kinatazama tu."

Kisha akageuza kioo cha kompyuta upande wangu. Ndani ya weusi wa pafu la mdogo wangu, upande wa kulia, juu, palikuwa na doa jeupe lisilozidi punje ya mtama.

"Hiki tunakiita kinundu," alisema. "Kina milimita sita na kitu. Sikiliza vizuri, mzee, ili umweleze ninavyokueleza. Vinundu vingi vya ukubwa huu si saratani. Ni makovu ya kifua kikuu cha zamani, au ya homa ya mapafu iliyopita. Lakini kwa kukitazama mara moja siwezi kukuambia hiki ni kipi. Kitakachotuambia ni muda. Kovu hukaa vile vile. Saratani hukua. Kwa hiyo arudi baada ya miezi sita, tumpige picha ya namna hii hii, tuweke ya zamani na mpya pamoja, tulinganishe."

"Hamwezi kukitoa leo?"

"Kumpasua mtu kifua kwa ajili ya kovu? Hapana. Na kuchoma sindano kwenye kitu kidogo hivi kuna hatari yake, tena unaweza kukikosa." Alinipa bahasha yenye karatasi na sidii. "Picha zenyewe ziko humu. Sisi tunaondoka kesho kutwa na gari letu. Atakaporudi aje hospitali ya hapa hapa, sasa hivi wanafungiwa mashine yao wenyewe. Sidii hii isipotee. Bila hiyo tutaanza upya."

Nilitoka nimeelewa kila neno. Hilo ndilo linaloniuma. Sikukosea kwa ujinga.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipotamka saratani aliziba masikio kwa viganja, ingawa nilikuwa nimesema "huenda si saratani." Baba yetu alikufa kwa namna ambayo wote tuliiona: aliambiwa ana ugonjwa tumboni, akageukia ukutani, akaacha kula, na kabla ya mwezi kwisha tulimzika. Nyumbani tuliamini kwamba ugonjwa haukumuua, aliuawa na habari.

"Mdogo wako ni baba yake mtupu," alisema shemeji. "Mwambie neno hilo, hatafika masika. Na daktari mwenyewe amesema vingi si kitu. Sasa kwa nini tumuue kwa kitu ambacho si kitu?"

"Na miezi sita ikifika?"

"Utampigia simu, utasema unaogopa kwenda peke yako. Atakusindikiza. Hapo watampima. Wewe ni kaka yake, atakataaje?"

Ilionekana busara. Nilijiambia kwamba ninambebea mzigo kwa miezi sita tu. Nikampigia. "Uko safi," nilisema, na nikasikia akicheka huku moto wa bani ukilia nyuma yake. "Nilijua! Niletee hiyo picha, niwaonyeshe hawa wanaoniambia nimekwisha."

Hapo ukaja uongo wa pili, ambao sikuujua kuwa ni uongo. Nikimnyima picha atashuku. Kwa hiyo karatasi nilibaki nayo mimi, na sidii nikamkabidhi shemeji aende nayo. Nilimwambia aitunze. Lakini mtu unamwambiaje mumeo atunze kitu kisicho na maana?

Mimi niliacha kuvuta wiki ile. Mdogo wangu aliposikia alinicheka kwenye simu. "Safi wote wawili, kaka, halafu wewe unaacha? Mimi nimeongeza."

Miezi ile sita ilinitafuna. Kila aliponipigia nilisikiliza pumzi yake kabla ya maneno. Akikohoa kwa vumbi, mimi nilikaa chini. Nilipomuuliza anaendeleaje, aliniuliza kwa nini siku hizi naongea kama muuguzi. Mvua zikaisha, mpunga ukavunwa, masoko ya tumbaku yakafunguliwa, na muda ukawadia. Nilipiga simu, nikasema nimeitwa tena kwenye mashine na ninaogopa. Akasema tumbaku yake haijapimwa, nisubiri. Nikasubiri wiki, kisha nikapanda treni mwenyewe.

Nilimkuta bondeni, kwenye jaruba la mpunga lililobaki mabua matupu. Juu yake kulikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, nayo imening'inizwa makopo, vipande vya mfuko wa plastiki, na vitu vya duara vinavyometameta. Wakulima wa mpunga huku hutundika sidii kuukuu shambani. Zikizunguka kwenye upepo mwanga wake huwatisha ndege kweleakwelea.

"Umeiona ile ya mwisho?" aliniuliza, akionyesha kwa kidole. Hakuwahi kuonekana na majivuno vile. "Ile ndiyo mimi. Mapafu yangu yanafukuza ndege, kaka! Mwaka huu hawakula kitu."

Nilikwenda chini ya kamba. Jua la miezi mitatu lilikuwa limeichuna, ule utando wa fedha umebanduka kama ngozi ya kitunguu, na nilipoishika niliona mbingu upande wa pili. Jina lake lilikuwa bado linasomeka pembeni, limeandikwa kwa kalamu nyeusi.

"Mbona unaitazama hivyo?" alisema.

Nilipaswa kumwambia pale. Alikuwa na furaha, nguvu anazo, na kinundu kilikuwa bado kidogo. Nilisema, "Jua kali. Twende tukajiandae na safari."

Alikuja. Shemeji alikuwa amesema kweli: asingeweza kukataa kunisindikiza. Hospitalini nilimwambia kuwa wasindikizaji nao wanapimwa, akacheka, akalala chini ya mashine kwa ajili yangu. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu nilisikia sauti ya mtaalamu wa mionzi ikimwambia vuta, shikilia, na mimi benchini nikashikilia yangu.

Daktari wa hapo alikuwa kijana. Aliniita mimi kwanza, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimekuja siku moja kabla na kumweleza. Alikuwa na karatasi ya kambi mkono mmoja na picha mpya mbele yake.

"Karatasi inasema milimita sita na nusu," alisema. "Mimi leo napata nane. Sidii iko wapi, mzee?"

"Imeharibika."

"Imeharibika vipi?"

"Shambani."

Aliiweka karatasi mezani. "Tatizo ni hili. Milimita moja na nusu inaweza kuwa ukuaji. Inaweza pia kuwa yule alipimia hapa na mimi nimepimia pale, au mgonjwa alivuta pumzi zaidi siku ile. Ningekuwa na picha ya kwanza ningeziweka pamoja, nipime mwenyewe kwa mkono mmoja, na kama kimekua kweli ningempa rufaa leo. Sasa nina namba tu. Nitawaandikia wale wa kambi waitafute kwenye kumbukumbu zao, lakini sijui watajibu lini. Kwa ukubwa huu simwachi miezi sita. Arudi baada ya miezi mitatu, bila kukosa. Mimi picha ya leo ninaihifadhi hapa." Akainuka. "Nimwite ndani nimweleze?"

"Hapana," nilisema. "Niachie. Nitamweleza mwenyewe."

"Mzee, yeye ni mtu mzima. Ana haki ya kuambiwa."

"Leo hii nitamweleza."

Kijana yule alisita, mkono ukiwa kwenye kitasa. Mimi ni mzee wa umri wa babu yake. Akakaa. Simlaumu. Nilizitumia mvi zangu kumfunga mdomo.

Mdogo wangu alikuwa nje anapiga soga na mlinzi. "Vipi, umepona?" aliniuliza.

"Wote wazima," nilisema.

Miezi mitatu baadaye mvua zilikuwa zimeanza, na yeye anahamisha miche. Nilipiga simu na ile ile hadithi ya kuogopa kwenda peke yangu. "Kaka," alisema, bila ukali, "nimepimwa mara mbili, mara mbili safi. Mwambie shemeji yangu, mke wako, akusindikize. Mimi nikiacha miche sasa tutakula nini?" Nikampigia mkewe. Akalia. Akasema sasa tukimwambia ataona tulimfanya mtoto, tungoje amalize kuhamisha miche. Nami nikangoja, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea. Wale wa kambi hawakuwa wamejibu. Kila nilipopita karibu na hospitali nilivuka barabara nikapita upande wa pili.

Moto wa bani ulipowashwa tena ndipo nilipokwenda. Ulikuwa umetimia mwaka tangu kipimo cha kwanza. Nilimkuta akipanga kuni mdomoni mwa tanuru, msokoto umebana kati ya midomo. Nilimwambia yote nimesimama, tangu punje ya mtama mpaka milimita nane.

"Kwa hiyo ulijua," alisema mwishoni.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuchukulia majibu."

"Na mama watoto?"

"Anajua."

Aliweka gogo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Nyumba nzima inakijua kifua changu isipokuwa mimi ninayekibeba. Na ile sidii mliyoniacha niitundike kwenye mpunga, mkaniangalia naifurahia..."

"Twende Tabora kesho," nilisema. "Huenda ni kovu. Kweli tupu, huenda ni kovu."

"Ukiniambia safi, si safi. Leo unaniambia huenda. Kesho utaniambia nini, kaka? Nitajuaje?" Akauokota msokoto ulioanguka, akaupuliza majivu. "Rudi mjini. Nikihitaji kupimwa nitajipeleka. Na majibu nitachukua mwenyewe."

Lile nililoogopa siku zote, kwamba ataugeukia ukuta kama baba, halikutokea hata kidogo. Hakuogopa. Hakuniamini tu. Nilimtuma ndugu mmoja wa kanisani kwake, nikamtuma mjomba, akawaambia wote kwamba mwenye maneno ni mimi na maneno yangu yamekwisha thamani. Alivuna, akakausha, akauza. Alikwenda hospitali sauti ilipoanza kukwaruza, akaenda peke yake kama alivyoapa.

Shemeji ndiye aliyenisimulia. Yule daktari kijana alimwekea picha mbili kwenye kioo, ile ya nane na mpya, akamwachia atazame mwenyewe. Doa lilikuwa limefika milimita kumi na tano, kingo zake zimechongoka kama miiba, na matezi ya katikati ya kifua yalikuwa yamevimba. Safari hii hakuna aliyesema huenda ni kovu. Walimpeleka Mwanza, wakachukua kinyama kwa sindano, na jibu likarudi kwamba ni saratani na kwamba imeshatoka pale ilipoanzia. Upasuaji haukuwezekana tena. Alipewa dawa, zikamsaidia kwa muda.

Nilimfuata yule daktari, nikamuuliza lile ambalo nilikuwa nalijua. Hakunionea huruma wala hakunikandamiza. "Sitakuambia nisichokijua, mzee. Lakini kinundu kikiwa kidogo na kiko peke yake, mara nyingi tunaweza kukitoa na mtu akaishi. Ndiyo maana tunawapima watu wasioumwa. Kipimo cha kwanza peke yake hakitoshi. Kazi yenyewe iko kwenye kurudi."

Mdogo wangu alikaa kwa binti yake hapa mjini, mwendo mfupi kutoka kwangu. Nilikwenda kila siku. Alinipokea kwa adabu zote, akaniamkia, akaagiza niletewe chai. Hakunitusi. Lakini muuguzi alipokuja na majibu yoyote, au hata kupima homa tu, aliniangalia akasema, "Kaka, tupishe kidogo," nami niliinuka nikaenda kusimama uani pamoja na wageni mpaka muuguzi aondoke. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho. Siku aliyokata roho muuguzi alikuwa ndani, na mimi nilikuwa uani.

Nilikubali kusema neno moja la uongo ili mdogo wangu asife kwa hofu. Neno hilo lilimfanya atundike picha yake shambani, likamnyima daktari kitu cha kulinganisha, likamnyima yeye sababu ya kurudi, na nilipomwambia kweli halikumwachia sababu ya kuniamini. Nilimpoteza kwa ugonjwa ambao ulikuwa umeonekana mapema, ungali mdogo kama punje ya mtama, nami nikiutazama kwa macho yangu.